Riba Iliyojificha Kwenye Simu: Jinsi ya Kupima Mkopo wa Siku 14 Kabla Hujaupokea

Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa mwaka una msimu mmoja wa mvua na mavuno mamoja. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, na kuvunwa huanza Mei. Kati ya hapo, hasa Januari na Februari, nyumba nyingi za Laela, Kaengesa na Matai, na hata mitaa ya Sumbawanga mjini, huwa zimekaukiwa. Ni wakati huohuo mahindi yanadai mbolea ya kukuzia, shamba linadai palizi, na watoto wanadai sare na madaftari. Simu nayo inaingiza ujumbe: umepitishiwa mkopo wa shilingi 100,000, riba asilimia 0.1 tu kwa siku, fedha ndani ya dakika tano.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo tano. Nataka ukiona ujumbe wa namna hiyo uweze kutoa mwenyewe, kwa kikokotoo cha simu, kiwango halisi unachotozwa kwa mwaka. Huhitaji simu janja wala elimu ya benki. Kikokotoo cha kiswaswadu kinatosha, na hesabu ni ya kutoa, kugawanya na kuzidisha.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Namba zake nimezitunga ili ziwe rahisi kufuata, lakini umbo lake ni lilelile la mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Skrini inasema mkopo ni 100,000, muda ni siku 14, na riba ni asilimia 0.1 kwa siku. Asilimia 0.1 ya laki moja ni shilingi 100, na kwa siku 14 ni shilingi 1,400. Kwa hiyo deni lako siku ya kulipa litakuwa 101,400. Ukiishia hapo utaona mkopo huu ni wa bei poa. Asilimia 0.1 mara siku 365 ni asilimia 36.5 kwa mwaka, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 42 kwa mwaka, kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio wasiopokea amana. Riba inayoonekana iko chini ya ukomo.

Unabonyeza kukubali. Meseji ya fedha inaingia: umepokea shilingi 78,000.

Shilingi 22,000 zimekatwa kabla hazijakufikia. Ukirudi kwenye aplikesheni na kufungua maelezo ya mkopo, ambayo mara nyingi yamewekwa nyuma ya kitufe kidogo, utakuta ada ya huduma, ada ya kuchakata maombi, ada ya tathmini, pengine na bima. Majina hubadilika kila wakati na kwa hesabu yetu hayana maana yoyote. Usihangaike kujua ipi ni riba na ipi ni ada. Fedha yoyote unayompa mkopeshaji ili akukopeshe ni bei ya mkopo, iitwe jina lolote.

Kwa hiyo tupa kila kilichoandikwa kwenye tangazo, ubaki na namba tatu. Ya kwanza ni pokeo, yaani fedha iliyoingia mkononi mwako. Hii isome kwenye meseji ya mtandao wa simu, usiisome kwenye aplikesheni, kwa sababu meseji ya mtandao haina sababu ya kukupamba. Ya pili ni rejesho, yaani jumla yote utakayolipa. Ya tatu ni siku, kuanzia siku fedha ilipoingia hadi siku ya mwisho ya kulipa.

Hesabu huenda hivi. Toa pokeo kwenye rejesho: 101,400 toa 78,000 ni 23,400. Hiyo ndiyo bei kamili ya mkopo. Gawanya bei hiyo kwa pokeo: 23,400 gawanya kwa 78,000 ni 0.30. Maana yake umetozwa asilimia 30 ya fedha uliyoitumia, na hiyo ni kwa siku 14 peke yake. Sasa ipeleke kwenye mwaka: zidisha kwa 365, gawanya kwa 14, kisha zidisha kwa 100 upate asilimia. Kwenye kikokotoo unaandika mfululizo:

```
23400 ÷ 78000 × 365 ÷ 14 × 100
```

Jibu ni 782. Mkopo uliotangazwa kwa riba inayolingana na asilimia 36.5 kwa mwaka unakutoza asilimia 782 kwa mwaka.

Hapa kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya hata wakijua kwamba kuna ada. Wanagawanya kwa laki moja badala ya kugawanya kwa 78,000. Wanasema, nimelipa 23,400 juu ya mkopo wa laki, basi ni asilimia 23. Lakini laki hiyo hukuwahi kuishika hata siku moja. Muuza mbolea hakuipata, wala haikununua chochote. Shilingi 22,000 zilibaki kwa mkopeshaji tangu mwanzo, na bado anakutoza riba juu yake kana kwamba uko nazo. Kigawanyo sahihi ni fedha uliyoitumia, hakuna kingine.

Kwa sababu hiyohiyo, ikiwa huna budi kuitoa fedha kwa wakala ndipo uitumie, ondoa ada ya kutolea kwenye pokeo. Tuseme wakala na tozo vimekula 2,000. Pokeo lako sasa ni 76,000, bei ya mkopo ni 25,400, na kiwango kinapanda hadi 871. Kama muuza pembejeo anapokea malipo kwa simu na hukulazimika kutoa fedha taslimu, iache ada hiyo nje. Unapolinganisha mikopo miwili, fanya namna moja kwa yote miwili.

Namba ya siku nayo ina mitego, na hapa ndipo ningependa uwe mwangalifu kuliko popote. Wapo wakopeshaji wanaohesabu siku ya kupokea kuwa siku ya kwanza. Umepokea fedha Jumatatu jioni, tarehe 5, na mkopo wa siku 14 unadaiwa tarehe 18 badala ya tarehe 19. Siku ulizokaa na fedha ni 13. Weka 13 mahali pa 14 kwenye hesabu ile na utapata 842. Kwa mkopo wa siku saba mtego huu ni mkali zaidi, kwa sababu siku moja kati ya saba ni sehemu kubwa ya muda wote. Usiamini neno "siku 14". Angalia tarehe ya kudaiwa, kisha hesabu mwenyewe kwenye kalenda.

Mtego wa pili wa siku ni wa kulipa mapema. Tumefundishwa kwamba kuwahi kulipa deni ni kupunguza gharama, na kwa mkopo wa benki unaotoza riba juu ya salio linalobaki hilo ni kweli. Kwenye mikopo hii si kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya bei ni ada iliyokatwa siku ya kwanza na hairudi. Ukilipa siku ya tano, mkopeshaji akakusamehe hata riba yote ya siku zilizobaki, unaokoa shilingi 900 tu. Ada ya 22,000 imeshaenda. Umelipa 22,500 kwa kukaa na 78,000 siku tano, na kwa mwaka hiyo ni zaidi ya asilimia 2,100. Faida pekee ya kuwahi ni kuongezewa kiwango cha kukopa, yaani kupewa nafasi ya kuingia tena kwenye mkopo uleule ukiwa mkubwa zaidi.

Utaniuliza: mimi nakopa wiki mbili, mwaka unanihusu nini? Ni swali la haki. Kiwango cha mwaka ni kipimo cha kuilinganisha mikopo yenye muda tofauti. Mmoja anakupa siku saba, mwingine mwezi, mwingine msimu mzima, na huwezi kujua nani ni ghali mpaka wote uwaweke kwenye muda mmoja. Ukishafanya hivyo, mambo mengi yanajionyesha.

Anza na benki. Wastani wa riba ya mikopo ya benki nchini katika miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kukaa na 78,000 kwa siku 14 kungekugharimu chini ya shilingi 500. Kwa ukomo wa Benki Kuu wa asilimia 3.5 kwa mwezi kungekugharimu shilingi 1,274. Mkopo wetu unakugharimu 23,400. Kenya, mkopo wa M-Shwari ulioanzishwa na Safaricom na benki ya CBA mwaka 2012 ulijulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa hesabu yetu, mtu aliyepokea mkopo wote bila makato alikuwa analipa karibu asilimia 91 kwa mwaka. Wakenya wengi waliilalamikia ada hiyo kwamba ni kubwa, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini ni karibu sehemu ya tisa ya bei tunayoizungumzia hapa.

Karibu zaidi na nyumbani kuna kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA. Tuchukue kikundi kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, ambacho wengi wangekiita kikali. Asilimia 10 kwa siku 30 ni karibu asilimia 122 kwa mwaka. Na ukiwa mwanakikundi, riba uliyolipa inaingia kwenye mfuko na sehemu yake inakurudia siku ya mgawo. Mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hauna riba kabisa, ingawa unahitaji kikundi kilichosajiliwa na subira, vitu ambavyo mwezi Januari haviundwi kwa siku moja.

Halafu kuna desturi ambayo kila mkulima wa Rukwa anaijua na wengi wanaichukia: kuuza mahindi yangali shambani. Mnunuzi anakupa fedha Januari, wewe unampa gunia Juni. Huo nao ni mkopo, na unapimwa kwa namba zilezile tatu. Tuseme amekupa 40,000, na Juni gunia lile lingeuzwa 60,000. Pokeo ni 40,000, rejesho ni 60,000, siku ni 150. Bei ni 20,000 juu ya 40,000, yaani asilimia 50 kwa miezi mitano, na kwa mwaka ni karibu 122, sawa na kile kikundi kikali. Sikushauri uuze mahindi mabichi. Bei ya Juni huijui, na mwaka ambao mahindi yamepanda utalia. Lakini ninataka uone kwamba biashara ambayo viongozi wa vijiji huikemea kila mwaka ina bei ndogo mara sita kuliko fedha inayoingia kimya kimya kwenye simu.

Mpaka hapa tumedhani kwamba unalipa mara moja. Aplikesheni nyingi hazifanyi hivyo, na sababu mojawapo inatoka mbali. Duka la Google Play hukataza aplikesheni za mikopo binafsi zinazomtaka mkopaji alipe deni lote ndani ya siku 60 au chini ya hapo. Kwa hiyo kwenye duka utaona maelezo kwamba muda wa kulipa ni siku 91 hadi 180. Ukishaingia ndani, unakuta ratiba ambayo sehemu kubwa ya deni inadaiwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kilichobaki cha kujaza hizo siku 91 ni shilingi chache. Usitumie siku za tangazo kwenye hesabu. Tumia ratiba.

Chukua mkopo wetu uleule, pokeo 78,000 na rejesho 101,400, lakini sasa unatakiwa kulipa 55,000 siku ya saba na 46,400 siku ya 14. Jumla haijabadilika hata shilingi. Kiwango je? Kimepanda, kwa sababu wiki ya pili hukukaa na 78,000 nzima; ulishairudisha zaidi ya nusu.

Hesabu ya marejesho mawili haifanyiki kwa mstari mmoja, lakini inafanyika kwa kubahatisha na kusahihisha. Kisia kiwango cha wiki, kisha uone kama deni linaisha. Jaribu asilimia 15 kwa wiki. Wiki ya kwanza 78,000 inakuwa 89,700. Unalipa 55,000, inabaki 34,700. Wiki ya pili 34,700 inakuwa 39,905. Lakini mkopeshaji anadai 46,400, zaidi ya hiyo, kwa hiyo kiwango chake ni kikubwa kuliko 15. Panda hadi 20. Wiki ya kwanza 78,000 mara 1.2 ni 93,600. Toa 55,000, inabaki 38,600. Zidisha tena kwa 1.2, unapata 46,320. Anadai 46,400. Tofauti ni shilingi 80, kwa hiyo tumefika. Kiwango ni asilimia 20 kwa wiki, na mwaka una wiki 52: asilimia 1,040. Kutoka 782 hadi 1,040 bila bei kuongezeka hata senti moja, kwa kusogeza tu tarehe ya nusu ya malipo. Mtu akikuambia "tumekurahisishia, utalipa kidogo kidogo", kumbuka hesabu hii. Kulipa kidogo kidogo ni nafuu pale tu muda unaporefushwa.

Sasa turudi shambani, kwa sababu kiwango cha mwaka kinauma kweli pale mkopo unaporudiwa, na msimu wa Ufipa unalazimisha kurudia. Mbolea ya kukuzia unayoiweka mwishoni mwa Januari haileti shilingi yoyote hadi Juni, mahindi yakishapukuchuliwa na kupata mnunuzi. Ukiyapeleka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huenda ukasubiri zaidi hadi malipo yaingie. Mkopo wa siku 14 unadaiwa katikati ya Februari, wakati mahindi ndiyo kwanza yako kiunoni. Utalipa kwa nini? Mara nyingi jibu huwa ni kwa aplikesheni nyingine.

Tufuate njia hiyo. Ulipokea 78,000. Wiki mbili baadaye unadaiwa 101,400. Unakopa kwingine fedha ya kutosha kupata 101,400 mkononi, kwa masharti yaleyale, kwa hiyo wiki mbili nyingine unadaiwa 131,820. Unafanya tena, deni linakuwa 171,366. Ukifanya mara ya tatu, wiki ya nane unadaiwa 222,776. Ni mwisho wa Machi, mvua bado zinanyesha, hujavuna hata gunzi, na fedha ya mfuko mmoja wa mbolea imekaribia kuzaa mara tatu. Hapa ile 782 inakuwa ndogo kuliko ukweli, kwa sababu inadhani riba haizai riba. Kufika Juni kungehitaji mizunguko kama kumi, na katika hesabu hiyo 78,000 ingevuka milioni moja. Hakuna atakayekuachia ufike huko. Kabla ya hapo utakuwa umeuza mbuzi, au ndugu zako watakuwa wamepigiwa simu za kudaiwa.

Kuna aplikesheni zinazotoa kitufe cha kuongeza muda. Unalipa ada, tarehe inasogezwa, na watu hushukuru. Angalia salio la deni baada ya kulipa ada hiyo. Likiwa ni lilelile 101,400, hukulipa deni hata kidogo. Umenunua siku tu, na ada hiyo iingize kwenye rejesho unapokokotoa.

Kwa mfanyabiashara hali ni tofauti, kwa sababu fedha yake huzunguka haraka. Mama anayenunua maharage Laela na kuyapeleka Tunduma anaweza kugeuza mtaji ndani ya siku chache. Kwake swali ni moja: je, biashara yangu inazaa zaidi ya asilimia 30 kwa siku 14? Tuseme debe la maharage linanunuliwa 26,000 na, baada ya nauli na ushuru, linamwachia faida ya 3,000. Kwa 78,000 anapata madebe matatu na faida ya 9,000 kwa safari. Bei ya mkopo ni 23,400. Inabidi aende na kurudi karibu mara tatu ndani ya wiki mbili, bila gunia kulowa wala mnunuzi kuchelewesha, na faida yote hiyo iende kwa mkopeshaji. Yeye ataanza kupata chake safari ya tatu ikikamilika. Akizoea kwenda mara moja kwa wiki, mkopo huu unamla mtaji. Hata hapa asifuate maneno ya tangazo. Afanye hesabu ya faida kwa debe, aiweke kando ya bei ya mkopo, aone ipi ni kubwa.

Kuna wakati kiwango cha mwaka hakitoshi kukuamulia. Mtoto anaumwa usiku, gari la kumfikisha hospitali linadai 30,000, na huna pa kukopa. Mtu akikuazima 30,000 ukamrudishia 31,000 kesho kutwa, kwa mwaka hiyo ni zaidi ya asilimia 600, lakini umelipa shilingi elfu moja tu na mtoto ametibiwa. Kwa hiyo soma namba mbili kwa pamoja: kiwango cha mwaka kinakuambia kama mkopo ni ghali kuliko mwingine, na bei kwa shilingi inakuambia kama unaimudu. Mkopo mfupi wenye kiwango kikubwa huvumilika pale tu fedha ya kuulipa ipo njiani na tarehe yake unaijua kwa hakika, kama vile mshahara. Mahindi yaliyo shambani hayana tarehe.

Hesabu hii inafaa kufanywa kabla ya kupokea, na hapo ndipo wakopeshaji wabaya wanakuwekea kizuizi. Wanakuomba kitambulisho cha NIDA, picha ya uso na ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako kwanza, halafu ndipo wanaonyesha masharti. Wengine wanatuma fedha kabla hujabonyeza kitu chochote cha maana. Kama hujaonyeshwa pokeo, rejesho na tarehe kabla ya kutoa taarifa zako, hakuna hesabu unayoweza kuifanya, na kwangu hilo pekee linatosha kuifuta aplikesheni hiyo. Zikionyeshwa, piga picha ya skrini kabla ya kuendelea. Baadaye skrini hiyo huwa haionekani tena.

Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wa mtandaoni chini ya Benki Kuu, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo mahsusi wa mikopo ya kidijitali. Novemba mwaka huohuo ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta humo jina la kampuni iliyoandikwa kwenye masharti, usitafute jina la aplikesheni peke yake, kwa maana aplikesheni hubadilishwa jina kwa urahisi. Leseni haikuhakikishii bei nzuri. Inakuhakikishia kwamba kuna mahali pa kumshtaki.

Ukiona umetozwa tofauti na ulichoonyeshwa, andika malalamiko kwa mkopeshaji kwanza, kwa maandishi, kisha yapeleke Benki Kuu. Kwa watu wa Rukwa tawi lililo karibu ni la Mbeya. Ambatanisha meseji ya mtandao inayoonyesha fedha iliyoingia, picha ya skrini ya masharti, na meseji za kila malipo uliyofanya. Weka juu ya barua namba zako tatu na kiwango ulichokokotoa, ili anayesoma aone tatizo kwenye mstari wa kwanza. Kama mdai amewapigia au kuwatumia meseji ndugu na jirani zako, hilo ni kosa jingine, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022. Usizifute meseji hizo hata kama zinakuudhi, maana bila hizo huna ushahidi.